Mkono Uliotulia: Kisa cha Pumu Iliyogoma Kusikia Salbutamoli

Mkono wake ulikuwa umetulia kama wa fundi cherehani anayetunga uzi. Hilo ndilo lililonisumbua. Mtu aliyevuta salbutamoli, dawa ya kufungua vijia vya hewa, tangu jioni mpaka saa tano usiku, na nyingine tukampa kwa nebulaiza, anapaswa kutetemeka vidole. Huyu alishika ukingo wa kitanda, akavuta pumzi kwa mabega, kifua kikapiga mluzi, na vidole havikucheza hata kidogo.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, msimu ambao huku upande wa Urambo tumbaku imeshatoka kwenye mabani na watu wanakaa kutwa nzima wakiipanga madaraja. Vumbi la majani makavu si rafiki wa mtu mwenye pumu. Mgonjwa ni mama wa miaka 34, ana pumu tangu utotoni, na kazi yake ndiyo hiyo ya kupanga tumbaku. Aliletwa kwa bodaboda akiwa katikati, dada yake nyuma akimshikilia asianguke.

"Dokta, tangu jioni anapuliza hiyo pampu, haishiki," dada akasema.

"Amepuliza mara ngapi, dada?"

"Nimeacha kuhesabu."

Alikuwa anapumua mara 34 kwa dakika. Oksijeni ilisoma asilimia 87. Hakuweza kumaliza sentensi, alitoa neno moja, akavuta hewa, akatoa lingine. Mpaka hapo ni pumu kali ya kawaida tuliyoizoea. Kisha sista akasoma mapigo ya moyo: 72. Akakigonga kile kifaa cha kubana kidoleni, akadhani kimekosea. Nikashika kifundo cha mkono mwenyewe na kuhesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. 72.

Mtu anayekosa hewa kiasi kile, mwenye hofu, mwenye dozi kubwa ya salbutamoli mwilini, moyo wake huenda 120 au zaidi. Huyu moyo wake ulikuwa wa mtu aliyekaa chini ya mwembe akisubiri chai.

Tulimaliza nebulaiza ya kwanza ya miligramu 5, tukaanza ya pili. Mluzi ulipungua kidogo sana. Nikamuuliza dada kama kuna dawa nyingine anayotumia. "Hizi za pumu tu." Nikauliza tena kwa namna nyingine: kuna kidonge chochote alichomeza leo, hata cha kichwa, hata cha duka? Mgonjwa mwenyewe akagusa pindo la kanga. Dada akafungua fundo. Ndani mlikuwa na kibahasha cha dawa kilichoandikwa kwa kalamu: *moyo 1 x 2*. Vidonge vyenyewe vilikuwa propranololi ya miligramu 40.

Hadithi nzima niliipata kesho yake, lakini naiweka hapa ili msomaji aifuate. Kwa wiki tatu mama huyu alikuwa akimeza salbutamoli ya vidonge, miligramu 4 mara tatu kwa siku, na pampu juu yake. Mikono ikaanza kutetemeka hata akashindwa kutenganisha majani. Usiku moyo ulimwenda mbio. Akaenda mahali pa dawa, akasema, "Moyo unanienda mbio na mikono inatetemeka." Neno pumu hakulitaja, wala hakuulizwa. Akapewa propranololi. Ndani ya siku moja mikono ikatulia. "Nikasema hii sasa ndiyo dawa," aliniambia. Siku ya pili jioni kifua kikafunga. Kidonge cha mwisho alikimeza saa mbili usiku, saa tatu kabla ya kufika kwetu.

Tabibu mzoefu atasema hapa hakuna la kuchambua: propranololi na pumu haviendi pamoja, tumelikariri sote chuoni. Ni kweli. Ila kukariri hakukuambii ufanye nini saa tano usiku wakati kidonge kimeshamezwa na dawa yako kuu haishiki. Ili ujue pa kushika, inabidi uifuate ile njia ambayo salbutamoli hupita mpaka msuli unalegea, kituo kwa kituo, uone imekatika wapi na vituo gani bado ni vizima.

Tuanze na njia ikiwa nzima.

Vijia vidogo vya hewa mapafuni vimezungukwa na misuli laini. Ikikaza, kijia kinabana. Juu ya utando wa kila seli ya msuli huo kuna protini iitwayo kipokezi beta-2. Ni uzi mmoja wa asidi amino 413 unaopenya utando mara saba, ukiingia na kutoka kama sindano inayopiga bandi. Kwa upande wa nje nyuzi hizo saba zinaacha kijishimo. Adrenalini ya mwili hukaa humo, na salbutamoli, kwa kuwa imeundwa kwa sura inayofanana nayo, hukaa humo pia. Inapokaa, nyuzi zinajipanga upya, na mmoja wao, wa sita, unasogea kwa upande wa ndani ya seli na kufungua nafasi. Kituo cha kwanza ni hicho tu. Salbutamoli haikuingia ndani ya seli na wala haihitaji kuingia. Imegonga mlango kwa nje, na kwa ndani kitasa kimezunguka.

Kwa ndani, kwenye ile nafasi iliyofunguka, inakuja protini G. Ina vipande vitatu, alfa, beta na gama, na hii ya kwetu huitwa Gs. Ikiwa imepumzika, kipande cha alfa kimeshika molekuli ndogo iitwayo GDP. Kipokezi kilichoamka kinamlazimisha alfa aiachie. Nafasi ikibaki wazi, GTP, ndugu yake mwenye fosfati moja zaidi, huingia, kwa sababu ndani ya seli GTP ni nyingi kuliko GDP. Alfa mwenye GTP hubadilika umbo, huwaacha beta na gama, na kwenda zake kandokando ya utando. Alfa huyu amebeba saa yake mwenyewe. Yeye ndiye huikata GTP kuwa GDP, na akishaikata anazimika na kurudi kwa wenzake. Muda wake wa kuwa hai ni wa sekunde, si wa saa.

Katika sekunde hizo anakigusa kimeng'enya kilichojichimbia kwenye utando, adenili saiklesi. Hiki huchukua ATP, ileile inayotumika kama nishati, na kuikunja iwe duara dogo: saikliki AMP, tunayoiandika cAMP. Kimeng'enya kimoja kilichoamshwa hutoa cAMP nyingi, na kipokezi kimoja huweza kuamsha Gs kadhaa, kwa hiyo hodi moja mlangoni huwa kelele ndani ya nyumba. cAMP ni ndogo, huyeyuka kwenye maji, na hutawanyika ndani ya seli.

Huyu ndiye mjumbe wa pili. Mjumbe wa kwanza ni dawa au homoni iliyobaki nje. Wanaoishi na mjumbe wa nyumba kumi wanaelewa mpangilio huu bila shida: mgeni haingii kila nyumba, anaripoti kwa mjumbe, na mjumbe ndiye anayepita kuwaambia watu.

Jina hilo lilitokana na kazi ya Earl Sutherland, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1971. Alisaga ini, akatenganisha sehemu ya utando na sehemu ya maji. Adrenalini ikiwekwa kwenye sehemu ya maji peke yake, haikufanya kitu. Ikiwekwa kwenye utando, ilizalisha kitu ambacho ukikichemsha hakiharibiki, na ukikimimina kwenye ile sehemu ya maji, vimeng'enya vinaamka kana kwamba adrenalini yenyewe imefika. Protini nyingi zingeharibika kwa kuchemshwa. Hiki kilihimili, kwa hiyo kilikuwa kitu kidogo. Ndiyo cAMP. Napenda jaribio hilo kwa sababu lilikata mnyororo katikati na kuonyesha kwamba nusu ya pili hufanya kazi bila nusu ya kwanza. Usiku ule sisi tulihitaji wazo hilohilo.

Kutoka kwa cAMP kazi inahamia kwa kimeng'enya kiitwacho protini kinesi A, au PKA. Kikiwa kimelala, vipande viwili vya kazi vimefungwa na vipande viwili vya kizuizi. cAMP nne zinakaa kwenye vizuizi, vifungo vinalegea, na vipande vya kazi vinaanza kubandika fosfati kwenye protini nyingine. Kwenye msuli wa vijia vya hewa, matokeo ya fosfati hizo ni kwamba kalisiamu ndani ya seli inashuka, milango ya potasiamu inafunguka, na kile kimeng'enya kinachouwezesha msuli kukaza kinapungua nguvu. Msuli unalegea. Kijia kinafunguka. Mgonjwa anamaliza sentensi.

Na kuna anayefagia nyuma yao. Fosfodiesteresi hukata lile duara la cAMP na kulirudisha kuwa AMP ya kawaida isiyo na ujumbe. Kiasi cha cAMP kwenye seli ni kama maji ya ndoo yenye tundu: bomba linajaza, tundu linatoa. Kina cha maji hakitegemei bomba peke yake. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa yale matetemeko yake ya wiki tatu. Kipokezi beta-2 hakipo mapafuni tu. Kipo kwenye misuli ya mikono, ambako cAMP ikipanda hubadilisha namna nyuzi za msuli zinavyokaza na kulegea, mkono unapoteza ulaini wake na kucheza. Moyoni wengi ni ndugu yake, beta-1, ila beta-2 nao wapo. Pale kwenye kituo kinachopanga mapigo, cAMP hukaa moja kwa moja kwenye milango inayopitisha chaji, bila hata kumpitia PKA, na mapigo yanaongezeka. Na kwenye msuli wa moyo PKA hufungua milango ya kalisiamu, hivyo moyo unapiga kwa nguvu zaidi. Wanafunzi hukwama hapa: cAMP inalegeza msuli wa mapafu na inakaza msuli wa moyo? Ndiyo. Mjumbe ni mmoja. Wanaopokea taarifa, yaani protini zilizopo kwenye kila seli za kubandikwa fosfati, ndio tofauti.

Kidonge cha salbutamoli, kwa kuwa hupita kwenye damu yote, humpa mtu matetemeko mengi kuliko dozi ndogo iliyovutwa ikaishia kifuani. Kwa hiyo mama huyu hakuwa na ugonjwa wa moyo. Alikuwa na salbutamoli nyingi. Akapewa dawa ya kuzima dalili ya dawa, na dawa hiyo ikazima vyote viwili kwa sababu swichi ni moja.

Propranololi ilitengenezwa na James Black miaka ya 1960 kwa ajili ya moyo, na ilikuwa kati ya kazi zilizomfanya apewe Nobeli mwaka 1988. Inaingia kwenye kijishimo kilekile cha kipokezi, inakaa, na haizungushi kitasa. Kwa nje mlango una mtu, kwa ndani hakuna kilichosogea. Nayo haichagui kati ya beta-1 na beta-2.

Kabla sijakubali kwamba ndiyo mkosaji, ilibidi niwaondoe washukiwa wengine wawili, kwa sababu wote watatu wanakuja na sura moja: "dawa haishiki".

Wa kwanza ni pampu iliyokwisha. Pampu ikimaliza dawa huendelea kutoa mvuke kwa muda, na mtu anapuliza hewa tupu akidhani anajitibu. Huyu niliweza kumwondoa haraka, maana nebulaiza tuliijaza sisi kwa chupa mpya.

Wa pili ni mgumu zaidi: uchovu wa vipokezi. Kipokezi kinachogongwa mfululizo hakikubali kugongwa milele. Kuna vimeng'enya, kinesi za vipokezi vya G, ambavyo hubandika fosfati kwenye mkia wa kipokezi kilicho kazini. Fosfati hizo zinamwita protini mwingine, beta-arestini, anayekaa pale Gs alipokuwa anakaa na kumzuia, kisha kipokezi kinavutwa ndani ya seli. Baadaye kinarudishwa au kinavunjwa. Mtu wa wiki tatu za vidonge na pampu lazima ana vipokezi pungufu. Na uchovu huo hutuliza mkono pia, kwa kweli mkono huzoea haraka kuliko mapafu. Kwa hiyo mkono uliotulia, niliouona kama ushahidi mkubwa, peke yake haukutosha kumtia hatiani propranololi.

Kilichotenganisha ni mambo mawili. Moja ni kasi: matetemeko ya wiki tatu yalikatika ndani ya siku moja tangu kidonge cha kwanza, na uchovu wa vipokezi hauna haraka hiyo. La pili ni yale mapigo 72. Salbutamoli huchosha beta-2. Moyo wa mtu anayekosa hewa husukumwa zaidi na noradrenalini na adrenalini ya mwili wake kupitia beta-1, na beta-1 hawa salbutamoli haikuwachosha kiasi hicho. Kama tatizo lingekuwa uchovu tu, moyo ungekuwa unakimbia. Moyo uliotulia katikati ya dhoruba unaonyesha kwamba beta-1 na beta-2 wamefungwa kwa pamoja. Uchovu ulikuwepo, siukatai, lakini ulikuwa msaidizi.

Je, zuio hili linashindika kwa kuongeza salbutamoli? Kwa nadharia, ndiyo, kwa sababu dawa hizi mbili zinagombea kiti kimoja na hakuna inayojigandisha. Anayekuja na watu wengi anakaa. Kinachotakiwa kujulikana ni wengi kiasi gani, na hesabu yake ni fupi:

```
uwiano wa dozi = 1 + [B] / KB
```

[B] ni propranololi iliyo huru kwenye maji ya mwili, na KB ni kiasi cha propranololi kinachotosha kukalia nusu ya vipokezi. Tuseme damu yake ilikuwa na nanogramu 26 kwa mililita, kiwango kinachowezekana saa chache baada ya miligramu 40, ingawa watu hutofautiana sana kwa sababu ini hula sehemu kubwa ya dawa hii kabla haijafika kwenye damu. Uzito wa molekuli yake ni karibu 259, kwa hiyo nanogramu 26 kwa mililita ni kama nanomola 100 kwa lita. Asilimia 90 hivi imeshikwa na protini za damu. Inabaki huru nanomola 10. KB yake kwa beta-2 ni karibu nanomola 1. Kumi gawanya kwa moja, ongeza moja: kumi na moja.

Maana yake, kupata ulegevu uleule ambao jana ulitokana na kiasi fulani cha salbutamoli kwenye msuli, leo unahitaji mara 11. Hesabu hii ndiyo iliyonitoa kwenye ile hali ya kujaza nebulaiza tena na tena kwa matumaini. Tuliendelea kumpa salbutamoli, ni lazima, kwa sababu kila molekuli inayopata kiti inasaidia, na ile nafuu ndogo ya mwanzo ndiyo hiyo. Ila mara 11 kwenye kijia kilichobana na kujaa makohozi haifiki. Sehemu kubwa ya dawa inaishia kooni na kwenye barakoa.

Basi tukahama mlango.

Msuli uleule una vipokezi vingine, jamaa ya hawahawa wenye nyuzi saba, lakini wameunganishwa na protini G tofauti. Mmoja ni kipokezi M3 cha asetilikolini, ile inayomwagwa na neva ya vagasi. M3 hatumii Gs bali Gq. Alfa wa Gq haendi kwa adenili saiklesi. Anakigusa kimeng'enya kinachoitwa fosfolipesi C, ambacho hupasua mafuta ya utando yawe wajumbe wawili: IP3 anayekwenda kufungua maghala ya kalisiamu ndani ya seli, na DAG anayebaki kwenye utando. Kalisiamu ikipanda, msuli unakaza. Kwa maneno mengine, kwenye msuli huu kuna mikono miwili, mmoja wa cAMP unaolegeza na mmoja wa IP3 unaokaza. Propranololi ilikuwa imeufunga ule wa kulegeza, na wa kukaza ukabaki bila mpinzani. Huwezi kuuamsha wa kwanza kirahisi, lakini wa pili unaweza kuushika. Ipratropiamu hukalia M3 bila kuiamsha. Tulikuwa nayo, miligramu 0.5, tukaichanganya kwenye nebulaiza iliyofuata na kuirudia. Inachukua dakika 15 hadi 30 kuanza kuonekana, na kilele chake ni saa moja au mbili, kwa hiyo usiipe ukitazamia nafuu ya papo hapo.

Magneziamu salfeti gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika 20 ilifuata kwa sababu hiyohiyo: inaizuia kalisiamu huko mwisho kabisa wa njia, na haijali kipokezi gani kimefungwa.

Kisha lile tundu la ndoo. Bomba letu lilikuwa limebanwa, lakini si kavu kabisa. Gs huamka kidogo hata bila kugongwa, na wapo vipokezi vingine kwenye msuli, kama vya prostaglandini E2, vinavyotumia Gs hiyohiyo na ambavyo propranololi haivijui. Ukiziba tundu, yaani fosfodiesteresi, hicho kidogo kinajikusanya. Aminofilini hufanya kazi hiyo, ingawa kwa dozi salama inaziba kwa kiasi tu, na ina mipaka myembamba: ikizidi kidogo huleta kutapika, mapigo yasiyo na mpangilio, hata degedege. Alikuwa na kilo 50, hakuwa ametumia dawa ya kundi hilo, hivyo tukampa miligramu 250 taratibu kwa nusu saa, sista amekaa pembeni akihesabu mapigo. Sijisifu kwamba ndiyo iliyomwokoa. Katika pumu nyingi siku hizi aminofilini haina nafasi ya kwanza, na nisingeichagua kama njia ya beta-2 ingekuwa wazi.

Kuna mlango mwingine ambao hatukuwa nao kabatini: glukagoni. Kipokezi chake ni kingine kabisa lakini kinaamsha Gs yuleyule. Ndiyo sababu hutumika kwa moyo wa mtu aliyejiwekea sumu kwa dawa za kundi la propranololi. Unaingia kwa dirisha na kumkuta Gs mzima amekaa, hana habari kwamba mlango mkuu umefungwa.

Haidrokotisoni miligramu 200 tulimpa mapema. Hupunguza uvimbe wa vijia, ambao hakuna cAMP itakayouondoa, na pia huifanya seli itengeneze vipokezi beta-2 vipya. Lakini hiyo ni kazi ya jeni na inadai saa kadhaa. Ni deni unaloliweka usiku ulipwe asubuhi.

Kufikia saa nane usiku oksijeni ilikuwa asilimia 94 akiwa na mrija puani, pumzi 26. Alisema sentensi nzima ya kwanza, na ilikuwa ya kuuliza bodaboda imelipwa na nani. Tulijua hatari haijaisha. Sasa tulikuwa tunangojea hesabu.

Nusu ya propranololi huondoka mwilini kila saa 3 hadi 6. Nikachukua 4. Kama saa tano usiku ilikuwa nanomola 10 huru na uwiano 11, saa tisa usiku ni 5 na uwiano 6, saa moja asubuhi ni 2.5 na uwiano 3.5, saa tano asubuhi ni 1.25 na uwiano 2 na robo. Niliandika mstari huo nyuma ya karatasi ya chati na kumwambia sista kwamba kati ya alfajiri na saa tano salbutamoli itaanza kurudi kazini, na tutajua kwa mapigo kabla hatujajua kwa kifua. Akaniangalia kama mtu anayeambiwa utabiri wa mvua.

Saa moja mapigo yalikuwa 88. Tukaacha kuwaza magneziamu na aminofilini, tukabaki na nebulaiza ya kila saa nne na prednisoloni ya vidonge. Dada yake aliulizwa mara ya pili na ya tatu kama kuna kibahasha kingine nyumbani. Kilikuwepo, akapiga simu kitupwe. Nikamweleza kwamba hata matone ya macho ya timololi yanaweza kumfanyia hivihivi, maana ni ya ukoo mmoja na hupita kwenye damu, na kwamba atenololi, inayopenda zaidi beta-1, ina nafuu lakini si salama ya kumwachia mtu wa pumu bila kumwangalia. Vidonge vya salbutamoli tuliviondoa, akaandikiwa beklometasoni ya kuvuta kila siku ili ile pampu nyingine ibaki ya dharura.

Saa nne na nusu asubuhi, dakika chache baada ya nebulaiza, sista aliniita kutoka mlangoni. Mama alikuwa amekaa kitandani na kikombe cha uji. Mapigo 104. Uji ulikuwa unacheza ndani ya kikombe, mawimbi madogo ya duara, na yeye anaushika kwa mikono miwili usimwagike.

"Dokta, mikono imeanza tena," akasema kwa unyonge.

Sista akaichukua chati na kuandika.